Mti Mmoja Kwenye Maji ya Kuogea

Zama zile za ruksa, kila mtu alipoachiwa afanye biashara yake, Newala nzima kulikuwa na kamera moja ya video, na hiyo kamera ilikuwa yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne, la tano nililichungulia tu. Lakini nilitoka Masasi na baiskeli nikiuza vitenge, na miaka sita baadaye nina banda la video, jenereta, televisheni, deki, na harusi za mpaka Mkunya zinanisubiri mimi ndipo bibi harusi atoke ndani. Hao waliomaliza shule niliwakuta benchi la mbele wanaangalia filamu za Kihindi, na walikuwa wameingia kwa kiingilio.

Basi mvua za kwanza za mwaka ule zilipokaribia, bwana miti wa wilaya akaja bandani kwangu na mama mmoja wa mtaa wetu, kiongozi wa kikundi cha akina mama wenye kitalu. Walikuwa na miche ya mijohoro mia tatu kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, na mizizi ilikuwa imeshaanza kutoboa viriba na kuingia ardhini. Isingechukuliwa na kupandwa mvua zikianza, ingeharibika yote. Na maji ya kuimwagilia miezi yote ile waliyapandisha bondeni kwa vichwa vyao, maana sisi wa juu huku maji hatuna, tunayafuata. Bwana miti aliomba nitengeneze video fupi ya kuhamasisha mtaa, niionyeshe kabla ya filamu.

Niliwaambia wamefika. Nikaomba siku nne, nikajifungia na daftari.

Nilichoandika kilikuwa kikubwa. Nilianza na dunia, nikaja Afrika, nikashuka Tanzania, na kufikia Newala tayari dakika saba zimekwisha. Mwenyewe nilisimama mbele ya kamera na suti na miwani nyeusi nikasema pandeni miti, mvua zitanyesha, Newala itakuwa kijani kama Ulaya. Ulaya sijafika, lakini nilikuwa na kalenda yake. Mvua ya kuonyesha sikuwa nayo, kwa hiyo nilichomeka kamera kwenye deki, nikachukua kipande cha mvua kutoka kwenye filamu ya Kihindi. Kilikuwa kizuri mno. Vilima, ukungu, maji yanatiririka.

Alasiri moja nikamwonyesha yule mama na wenzake wanne. Walitazama mpaka mwisho.

"Bwana picha," akaniuliza, "hao wanaocheza kwenye mvua ni wa mtaa gani?"

Nikamweleza kwamba huo ni mfano tu.

"Na hiyo mvua ataileta nani? Wewe?"

Wenzake wakaziba midomo kwa khanga. Nikajitetea kwamba wataalamu wanasema miti huleta mvua. Ndipo aliponikumbusha kitu ambacho, kwa shughuli zangu nyingi, kilikuwa kimenipita. Miaka michache nyuma watu walihimizwa kupanda miti kando ya barabara kwa ahadi hiyohiyo. Mbuzi wakaila, maana haikuwa ya mtu, na mvua ikaja ilipotaka yenyewe. Tangu hapo ukitamka neno miti, watu wanakuuliza mvua yenu iko wapi. Akasema nikionyesha mkanda ule, mtaa mzima utacheka, na miche itaozea kitaluni.

Mimi sikuzoea kusahihishwa, hasa na mtu asiyejua kuwasha deki. Nikamuuliza yeye angesema nini.

Akasema mtu aambiwe jambo moja, analoweza kulifanya siku moja, nyumbani kwake. Maji ya ndoo hakuna atakayeyamwagia mti, na mume akiyamwaga, mkewe atamfukuza. Lakini kila nyumba watu wanaoga, na maji ya kuoga yanatoka nyuma ya bafu bure, yanafanya tope tu. Mti ukae pale. Akanipeleka kwake nikaone. Nyuma ya ua wa bafu lake, hatua kama nne kutoka kwenye fito, kulikuwa na mjohoro unaoanza kufunika paa. Ulikuwa na miaka mitatu. Pembeni, kwenye jua, alikuwa ameanika muhogo, na yeye mwenyewe alikuwa na mkeka wake kivulini.

Nikasema hapahapa ndipo nitakapompiga picha. Akakataa kata kata. Bafu la mtu mzima lionyeshwe bandani kwa kiingilio? Nilimbembeleza mpaka jua likaegemea. Alikubali kwa masharti: taulo lililoanikwa kwenye ua wa bafu liondoke, yeye avae khanga ya sikukuu, na wakwe zake wakae viti vya nyuma.

Nilimwandikia kurasa mbili za kusema. Akasema hajui kusoma, na hata angejua asingesema yale. Akasimama chini ya mti, akaitazama kamera kama anayemtazama mdeni wake, akasema ya kwake. Jumamosi uje kitaluni na beseni, uchukue mche mmoja. Ukafukue shimo nyuma ya bafu, hatua nne, maji yanakoishia. Uchane kiriba ukitoe, uzungushie miiba mbuzi wasiufikie. Mwaka wa tatu utakaa kivulini kama mimi. Mvua siahidi.

Ilikuwa dakika mbili. Suti yangu yote nikaikata. Roho iliniuma, lakini mtu mwenye akili anajua kukata.

Alhamisi na Ijumaa nikaiweka kabla ya filamu. Mara ya kwanza watu walianza kupiga miluzi niitoe. Kisha wakaliona bafu wanalolijua, wakacheka kwa kugongana mabega. Mzee mmoja wa nyuma, bingwa wa kubisha, akapaza sauti: "Na mvua je?" Palepale mama kwenye televisheni akasema, "Mvua siahidi." Banda lilitaka kuanguka. Nikaombwa nirudie, nikarudia mara mbili.

Jumamosi, mvua ikiwa imeshalowesha ardhi, foleni ya mabeseni ilizunguka kitalu. Nilisimama pale nikipokea pongezi, nikieleza jinsi nilivyoitunga video ile. Mpaka yule mzee mbishi aliponiuliza wangu nimeshaupanda wapi.

Sasa, nyumba yangu ilikuwa na bafu la ndani, la saruji, la kwanza mtaani, na maji yake yalipita kwenye bomba moja kwa moja mpaka shimo lililofunikwa. Hakuna tone lililoonekana. Nilimweleza hayo kwa ufahari.

"Basi na mimi nitajenga la ndani kwanza," akasema, akaweka mche wake chini. Wawili nyuma yake wakaweka na wao.

Yule mama hakupandisha sauti. "Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, mwanangu," akaniambia. "Sasa chukua mti."

Nikachukua. Nikaenda nyumbani, nusu ya foleni ikanifuata. Nikachukua nyundo na tindo, nikapasua saruji yangu, nikalikata bomba na kuligeuzia nje. Mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni. Bafu lile alikuwa ameshalitangaza kwa dada zake wote mpaka Masasi. Nikachimba, nikapanda, nikafunga miiba.

Nikadhani yamekwisha. Mzee akasema wanataka kuona kama maji kweli yanafika, kiangazi kisije kikanikuta naongea tu.

Kwa hiyo saa saba mchana niliingia kuoga, watu kama thelathini wamechuchumaa nyuma ya ukuta wangu kama wako bandani. Nikajimwagia kopo la kwanza. Nikasikia mtu anasema bado. La pili. La tatu nikamwaga kwa hasira, ndipo nje wakapiga makofi, nikasikia mabeseni yakiokotwa na miguu ikirudi kitaluni kwa haraka, na sauti ya yule mama karibu na tundu la bomba:

"Yamefika. Na kesho uoge."