Nywila Asiyoijua Mtu

Kwa miaka tisa sikuchukua likizo. Katika hospitali yetu hapa Homa Bay, mimi peke yangu nilijua nywila ya akaunti inayoendesha mfumo wa maabara, na nilijivunia ujinga huo.

Hadiya, mkaguzi wa usalama wa kompyuta aliyeletwa kutupima, aliingia kwa akaunti ya karani, akaomba tiketi ya mfumo huo kutoka Kerberos, utaratibu unaothibitisha watumiaji wa mtandao wetu, jambo ambalo mfanyakazi yeyote anaweza kulifanya. Kabla chai haijapoa, kompyuta yake ilikuwa imekisia nywila iliyoifunga tiketi: RodiKopany2015, jina la mji wa kwetu na mwaka.

“Na akaunti hii ina mamlaka ya msimamizi mkuu, Madam Edith.”

Nilifoka, kisha nikanywea.

Tuliipunguzia mamlaka, tukaiachia seva kuu iitungie nywila ndefu na kuibadilisha yenyewe kila mwezi.

“Sasa nani anaijua?” nikauliza.

“Hakuna.”

Erokamano, asante sana, Hadiya. Jumatatu naanza likizo.