Mbili ya Bi Shemsa

Bi Shemsa alizichukia sehemu kama watu wengine wanavyomchukia paka mezani. Nusu, robo, tatu juu ya mbili, zote kwake zilikuwa uchafu. Miaka ishirini na mbili alisomesha hesabu katika skuli moja ya Mpendae, na kila mwaka, siku ya kwanza ya Kidato cha Tatu, aliandika milinganyo miwili ubaoni na kutangaza sheria yake: "Ukiona sehemu inakujia, zidisha mstari mzima, iondoke. Mimi uchafu ubaoni kwangu sitaki."

Na kwa milinganyo alikuwa sawa. Mlinganyo ukiuzidisha kwa mbili pande zote, jibu halibadiliki, x ni ile ile na y ni ile ile. Watoto walifaulu, wazazi walimletea ndizi na maembe, na Bi Shemsa akajenga jina. Mkali, walisema, lakini anajua. Ukali wake hasa ndio aliokuwa akijivunia, maana alikuwa na ulimi wa kumvua mtoto nguo mbele ya wenzake bila ya kumgusa hata ukucha.

Halafu ikaja amri. Mwalimu asiye na shahada asisomeshe Kidato cha Tatu na cha Nne. Apelekwe madarasa ya chini au akakae stoo kugawa vitabu. Bi Shemsa alikuwa na diploma tu. Akiwa na miaka arubaini na sita, na magoti yanayolia akipanda ngazi, akajiandikisha chuoni, katika jengo moja nyuma ya Darajani. Mchana skuli, alasiri chuo. Masomo mengine yote aliyapita. Likambakia moja, aljebra ya matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa mistari na safu, na mwalimu wa somo hilo alikuwa Daktari Muhiddin.

Muhiddin alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Watu walimpongeza: "Una bahati wewe, unasomeshwa na mwanao!" Na yeye alifurahi kweli, masikini. Siku ya kwanza alipoingia darasani, kijana yule mrefu, kanzu safi na kofia ya vito kichwani, ile ya vitundu vinavyoshonwa kwa mkono, alimwendea mpaka kwenye benchi yake akainama kidogo.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu. Mashaallah, umekuwa mtu."

"Kwa malezi yako, mwalimu," alisema Muhiddin, na akatabasamu. Kila siku alimwamkia hivyo hivyo, mbele ya darasa zima, na kila mtihani alimwangusha. Alianguka mara ya kwanza. Akaanguka na wa marudio, kwa alama thelathini na sita, na ya kupita ni arubaini. Kanuni ya chuo haikuwa na mchezo: ukianguka marudio, jina lako linafutwa chuoni.

Karatasi yake hakuonyeshwa. Aliambiwa tu kuwa swali la nne, la kutafuta determinanti, ile namba moja inayotolewa kwenye matriksi nzima, lenye alama kumi, kapata sifuri, kwa sababu karatasi ilisema wazi kwamba jibu lisilo sahihi halina alama. Bi Shemsa akaenda ofisini kwa Muhiddin, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Daktari, lile la nne nnalijua mie. Nlifanya njia yote. Labda alama ya kutoa imenipotea. Nnakuomba."

Alikuwa hajapata kumwita Daktari. Muhiddin aliweka kalamu chini, akafikiri kidogo, au akajifanya anafikiri.

"Haya, tufanye hivi, mwalimu. Matokeo sijayapeleka juu bado. Jumanne njoo darasani, ulifanye ubaoni, mbele ya wenzako. Ukilipata nakupa kumi zako zote. Usipolipata, basi tena."

Bi Shemsa alimshukuru hata akamwombea dua. Alitoka pale anaona mtoto huyu ana imani. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini nani anayekumbuka methali akishapewa tamaa?

Wiki nzima alishughulika na alama za kujumlisha na kutoa, maana ndipo alipojishuku. Msichana mmoja wa darasa lake, Yusra, mwenye miaka ishirini na aibu nyingi, alikaa naye maktaba siku ya Jumapili wakapitia. Mtoto wa watu alijaribu kumwambia.

"Bi Shemsa, hapa unapoanza na mbili mbele ya mstari… kwenye determinanti, mstari ukiuzidisha, na jibu linazidi."

"Nnazijua kanuni zote tatu, mwanangu," alisema Bi Shemsa, akazitaja kwa vidole kama anayesoma tahiyatu. "Ukibadilishana mistari miwili, jibu linageuka alama. Ukizidisha mstari kwa namba, jibu linazidishwa kwa namba hiyo hiyo. Ukiuongezea mstari kiasi cha mstari mwengine, jibu halitikisiki. Na mie hapa nnafanya nini? Nnatoa mstari kwenye mstari. Nshasomesha haya hujazaliwa wewe."

Yusra akafungua ukurasa mwengine. Kumbishia mtu aliye sawa na mama yake hakufundishwa kwao.

Jumanne darasa lilijaa. Muhiddin aliandika mwenyewe namba kwenye ubao mweupe, mistari minne, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito:

2  6  1  3
3  1  2  5
0  7  0  0
4  9  3  8

"Tafuta determinanti," alisema. "Anza na mstari wenye sifuri nyingi, halafu malizia kwa operesheni za mistari. Tafadhali, mwalimu wangu."

Bi Shemsa alipanda jukwaani. Akauelekezea kidole mstari wa tatu, akasahau kuwa yeye ndiye anayetahiniwa, akaanza kusomesha.

"Hapa pana sifuri tatu. Kila namba ya mstari huu inazidishwa na kofakta yake, na sifuri ukiizidisha na chochote ni sifuri, kwa hivyo tatu hizi hazina hata haja ya kuhesabiwa. Inabaki saba peke yake. Saba iko mstari wa tatu, safu ya pili. Tatu na mbili, tano, namba witiri, kwa hivyo alama ni ya kutoa." Aligeuka kumtazama Muhiddin kwa ushindi. Alama ya kutoa hakuisahau. "Nafuta mstari wenye hiyo saba na safu yake, inabaki tatu kwa tatu."

Akaandika:

2  1  3
3  2  5
4  3  8

Yote sahihi. Mwalimu mzuri alikuwa, na mkatili naye ana haki ya kusifiwa anapostahiki. Akataka sasa kuziua namba zilizo chini ya ile mbili ya juu, ziwe sifuri. Mstari wa tatu ulikuwa mwepesi: toa mara mbili ya mstari wa kwanza, inakuwa sifuri, moja, mbili. Mstari wa pili ndio uliokuwa na tatu mbele, na tatu ukiigawa kwa mbili ni moja na nusu. Nusu! Mkono haukungoja ruhusa. Ukazidisha mstari wa pili kwa mbili, ukatoa mara tatu ya wa kwanza, ikatoka sifuri, moja, moja. Safi, haina hata sehemu moja. Mazoea yana tabu.

Nyuma kabisa, Yusra aliziba mdomo kwa mkono.

"Mbili mara, moja kwa mbili kutoa moja kwa moja, ni mbili," alimalizia Bi Shemsa. "Mbili kwa saba, na alama ya kutoa. Hasi kumi na nne."

Akaizungushia duara, akafunga kalamu, akashusha pumzi. Muhiddin aligeukia nyuma ya darasa.

"Yusra. Njoo ulifanye kuanzia hiyo tatu kwa tatu."

Msichana alikuja kama anayekwenda kuchomwa sindano. Aliandika kwa herufi ndogo pembeni. Kwenye mstari wa pili alitoa moja na nusu ya mstari wa kwanza, ikabaki sifuri, nusu, nusu. Mstari wa tatu, sifuri, moja, mbili. Nusu kwa mbili ni moja, kutoa nusu kwa moja, inabaki nusu. Mara mbili ile ya juu, moja. Saba kwa moja, na alama ya kutoa: hasi saba.

"Mwalimu hakutoa tu," Muhiddin aliwaeleza darasa kwa sauti ya upole. "Aliuzidisha kwanza mstari wa pili kwa mbili. Kwa hivyo jibu lake limezidi mara mbili, na hakuligawa. Kwenye milinganyo haidhuru. Hapa inadhuru. Yote kwa kuikimbia nusu moja."

Bi Shemsa aliitazama ile mbili aliyoiandika mwenyewe. Aliiona, jinsi ilivyokuwa wazi, na uso ukamwaka moto. Alitaka kusema kuwa kanuni anaijua, na kweli aliijua.

"Swali hili nlilitunga kwa ajili yako, Bi Shemsa," alisema Muhiddin. "Nlijua hutoweza kuiacha. Sasa nifutie lile lako."

Alitafuta kifutio. Hakikuwepo. Muhiddin alivua kofia yake ya vito, akamnyooshea.

"Tumia hii. Unaijua kazi yake."

Hapo ndipo ilipomjia. Kidato cha Tatu, kijana mwembamba wa benchi ya mbele, aliyefanya hesabu yake kwa moja na nusu akalipata jibu sawasawa. Yeye alisema, "Uchafu huu futa," na kijana alipotafuta kifutio, yeye mwalimu aliivuta kofia kichwani mwa kijana, akaufuta ubao nayo, ubao uliopakwa asubuhi ile ile weusi wa mawe ya betri. Darasa lilicheka mpaka likalia. Naye alicheka. Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa ameshasahau. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

"Mama alikaa miezi minne kuishona ile," alisema Muhiddin. "Hakupata kushona nyengine, macho yalishakwisha."

"Muhiddin, mwanangu, mie…"

"Futa, mwalimu."

Wanafunzi thelathini walikuwa wakimtazama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alifuta, kwanza duara, halafu hasi kumi na nne, halafu ile mbili, na wino mzito ukaingia kwenye vito vyeupe mpaka kofia ikawa nyeusi upande mzima. Ya Yusra, yenye nusu zake, hakuambiwa aifute.

Muhiddin aliipokea kofia kwa mikono miwili, akaivaa vile vile ilivyo, akawageukia wanafunzi.

"Tuendelee."

Bi Shemsa alibaki amesimama jukwaani, hajui ashuke arudi kwenye benchi yake au aende zake, maana jina lake halikuwemo tena darasani humo.