Jasi ya Shimo la Pili

Serikali ilipotoa rasimu ya kupandisha mrabaha wa madini, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuliua shimo la pili. Hakuna aliyesema hivyo. Mzee mwenye machimbo aliniambia tu, "Mama, piga hesabu upya. Mnunuzi anangoja." Lakini mimi ni mwanajiolojia, nimekula chumvi nyingi kwenye vumbi lile la nje ya Bisil, na nilijua hesabu ingesema nini.

Tulikuwa tunachimba jasi, jiwe jeupe linalotiwa kwenye saruji ili isigande upesi mno. Wateja wetu walikuwa viwanda vya karibu na Kitengela, ninakoishi. Shimo la kwanza lilikuwa linakwisha. La pili halikuwa limefunguliwa. Lilikuwa na jasi tele, ila imechanganyika na udongo, kwa hiyo bei yake ni ya chini. Mzee alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua, na wanawe hawakutaka kusikia habari za vumbi. Akampata mnunuzi wa machimbo. Mnunuzi huyo hakuwa anafuata shimo linalokwisha, alikuwa anafuata lile la pili. Bila hilo hakuna kuuza, na bila kuuza, baada ya mwaka mmoja au miwili tungefunga geti, na kila mtu aliyekula kwa jembe na lori pale angeenda nyumbani. Mimi nikiwa mmoja wao.

Watu wengi hufikiri mrabaha ni kodi ya faida. Laiti! Mrabaha haukuulizi kama umepata faida au umelala njaa. Unakata kwenye thamani ya jiwe lenyewe. Jiwe safi linastahimili. Jiwe hafifu, lililokuwa likikuachia kidogo tu baada ya kulichimba, linageuka taka siku hiyo hiyo, ingawa limelala pale pale lilipokuwa jana. Nilikaa siku tatu na hesabu zangu. Zaidi ya nusu ya shimo la pili ikawa taka. Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kishindo hadi mume wangu akahamia nje na redio yake.

Mthamini wa mnunuzi alikuja kutoka Nairobi, mtu mzima mwenye adabu na viatu visivyofaa kwa machimbo. Tukakaa naye ofisini, mimi na Mzee. Alizipokea hesabu zangu, kisha akakata tena, mara mbili. Rasimu ilikuwa inataka serikali ipewe hisa bila kulipia. "Kwa hivyo mteja wangu atanunua ng'ombe mzima," alisema, "halafu paja moja liende bure." Tena akasema, leo wamepandisha, nani ajuaye kesho? Kwa hofu hiyo, pesa ambazo shimo lingeingiza miaka ya mbele alizipunguzia thamani zaidi kuliko mwanzo. Za mwaka wa kumi zikawa karibu hazipo.

Mzee akajaribu kujitetea. "Lakini si wote watapandishiwa? Jasi ikipungua, price pia itapanda."

"Ingepanda, Mzee, kama hakungekuwa na meli," mthamini akajibu. "Mkipandisha sana, viwanda vitaleta ya nje."

Nilimwonea Mzee huruma, na mimi mwenyewe nikajionea zaidi.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha maoni ya umma mjini Kajiado. Nilikwenda na karatasi zangu, nimejiandaa kupigana. Ukumbini nikamwona mama mmoja wa kamati ya jamii inayozunguka machimbo, mfanyabiashara wa mbuzi anayejulikana soko lote la Bisil. Kwa sheria, fungu la mrabaha hurudi kwa jamii ya pale panapochimbwa, kwa hiyo nikajua amekuja kuushangilia. Nilimwamkia kwa heshima, kwa Kimaasai, nikimwita Yeyo, yaani mama, huku moyoni nimemnunia.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko," akajibu, akanisogezea kiti.

Nilipopewa nafasi nilisema kwa ukali kwamba rasimu ile itaua machimbo madogo. Afisa aliyetumwa kutoka wizarani akaandika, bila kuinua macho. Kisha Yeyo akasimama.

"Mimi nataka hiyo mrabaha ipande," alisema, na watu wakapiga makofi. Akangoja watulie. "Lakini niko na swali. Mbuzi yangu nikiuza Bisil iko na bei yake. Ikifika Nairobi iko na bei ingine, juu ya pesa ya lori. Sasa nyinyi mnakata bei ya wapi? Ya Bisil ama ya Kitengela?"

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nilifungua karatasi zangu kutazama ni bei ya wapi niliyotumia.

Afisa akainua macho. "Ya shimoni, mama. Rasimu inasema thamani ya madini yakitoka shimoni. Gharama ya kusafirisha inaondolewa, kama iko na ushahidi. Mtu akituletea invoice yenye bei moja tu, tunakata kwa hiyo tunayoona."

Bei moja tu. Hivyo ndivyo tulivyouza tangu Mzee aanze: malori ni yetu, mteja anataka jasi mlangoni pake, basi tunamwandikia bei ya mlangoni, imekwisha. Na mimi, mtaalamu mzima, nilikuwa nimepiga mrabaha mpya juu ya bei hiyo hiyo. Jasi ni nzito na bei yake ni rahisi. Katika kila shilingi kumi tulizolipwa, karibu sita zilikuwa za barabara. Jiwe hafifu ndilo lililoumia zaidi, kwa maana lori halijali limebeba safi au chafu, gharama ni ile ile. Nilikuwa nimeitukana serikali wiki nzima kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yetu.

Niliuliza na la hisa. Afisa akasema linahusu leseni kubwa mpya. Yetu ilikuwa ndogo, na ya zamani.

Tulibadilisha kila kitu. Mzee alinung'unika, kisha akakubali: jasi ikapimwa kwenye mzani wa shimoni na kuandikiwa bei ya hapo, usafiri ukapewa ankara yake, na vitabu vya mafuta na matairi vikawekwa tayari kwa mkaguzi. Mrabaha wenyewe ulipanda kama ulivyotangazwa, sitadanganya. Tabaka la chini kabisa la shimo la pili lilibaki kuwa taka, na huenda halitachimbwa nikiwa hai. Mthamini naye alizipokea hesabu zangu mpya, ila hakuiacha hofu yake ya kesho. Bei aliyotoa ilikuwa chini ya ile iliyozungumzwa kabla ya rasimu. Lakini sehemu kubwa ya shimo ilirudi kuwa jasi. Aliponipigia simu kusema mnunuzi amekubali, nilikuwa sokoni Kitengela nachagua nyanya. Nililia pale pale, na muuzaji akaniongezea mbili akidhani nimefiwa.

Siku ya kufungua shimo la pili, Yeyo alikuja na wenzake wa kamati. Tingatinga lilikuwa limeshaanza kuondoa udongo wa juu, na wafanyakazi wale wale walikuwa wakipiga kelele kwa furaha. Nilimshukuru kwa swali lake. Nilimwomba radhi pia, kwa kumnunia, ingawa hakujua kama nilimnunia. Hakutaka maneno mengi. Akasimama ukingoni, akatazama chini.

"Sasa ile pesa yetu iko wapi?"

"Bado iko ndani ya mawe, Yeyo."

"Basi chimbeni," akasema.