Barua Pepe Tatu kutoka Ihumwa

Intaneti ilipoanza kuingia Dodoma, nililima nyanya na hoho Ihumwa, nje kidogo ya mji, sina mnunuzi. Nikaenda intaneti kafe mjini, nikawaandikia wenye mikahawa kadhaa wasionijua, kwa anwani zilizokuwa kwenye vibao vyao. Kila mmoja nilimweleza ninacholima, nikaomba nimpelekee aonje bure.

Hakuna aliyejibu. Nyanya zilikuwa zinaiva, nami niliogopa wameniona tapeli. Nilitaka kuwaandikia kila siku, lakini dada aliyehudumia pale kafe akanizuia.

“Mama, ukiwaganda watakukimbia. Ngoja siku nne, andika kwa ufupi, uongeze jambo jipya.”

Nikangoja. Katika barua ya pili nikataja siku ninazoweza kuleta mboga mjini. Kimya. Baada ya wiki nikatuma ya mwisho: “Kama huhitaji, sitakusumbua tena.” Niliona kana kwamba nimejifungia mlango mwenyewe.

Kesho yake palikuwa na jibu moja. Niliogopa kulifungua, dada akanisomea: “Nilikuwa safarini. Lete nyanya Jumatatu asubuhi.”

Nikapeleka. Mwenye mkahawa, mzee wa Kihindi, alikata moja, akaitafuna taratibu.

“Alhamisi ulete tena,” akasema.

Wale wengine sikuwaandikia tena.