Maneno Matatu ya Takwimu na Watoto Niliowapanga Mbele

Mwanafunzi yule wa chuo kikuu alirudi Kasulu na suruali iliyonyooshwa pasi kali, na tasnifu yake ndani ya bahasha ya kaki. Miezi michache kabla alikuwa amekuja shuleni kwetu kuwapima watoto wa darasa la sita kama wanaelewa Kiswahili wanachosoma, kisha akaenda Kibondo kuwapima wa huko. Sasa tasnifu ilikuwa tayari kwa Kiswahili, isipokuwa maneno matatu ya takwimu ambayo msimamizi wake hakutaka yabaki ya Kiingereza wala yafasiriwe ovyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, basi akaletwa kwangu.

Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni Muha wa Kibondo, na watu wa pwani kama yeye walinicheka Kiswahili changu tangu chuo cha ualimu. Leo mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kiti chetu chenye mguu mbovu, akiniomba maneno.

Neno la kwanza, "variance" kwa Kiingereza, alikuwa ameliita "utofauti".

"Utofauti wa nini na nini, ndugu?"

"Wa alama, mwalimu."

Nikachukua chaki. Watoto wanne wamepata 8, 8, 12 na 12. Wengine wanne wamepata 0, 0, 20 na 20. Wastani wa makundi yote mawili ni kumi, lakini mwalimu yeyote anajua hayo si madarasa yanayofanana. Pima kila alama iko mbali kiasi gani na wastani, zidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu. Kundi la kwanza linatoa nne, la pili linatoa mia. Nikamwandikia: wastani wa miraba ya umbali kutoka kwenye wastani. Akanung'unika kwamba ni ndefu mno. Nikamwambia hata safari ya kutafuta shahada ni ndefu, na yeye hakuikataa.

Neno la pili, "significant", ndilo lililonichemsha damu. Alikuwa ameandika kwamba watoto wa Kibondo ni wazito kuelewa Kiswahili kuliko wa Kasulu, na kwamba tofauti hiyo ni "kubwa na muhimu". Nakala moja ingekwenda kwa wakubwa wa elimu mkoani. Wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma Kibondo.

"Hesabu yako haisemi kubwa, wala haisemi muhimu," nikamwambia. "Inasema hivi: kama wilaya hizi zingekuwa sawa, pengo kama hili lisingetokea kwa bahati ila mara chache. Basi. Andika 'tofauti ambayo ni vigumu kuiita ya bahati tu'."

Akaandika, kichwa kimeinama. Nilijiona bingwa.

Likabaki la tatu, "sampling error", ambalo yeye aliliita "makosa ya mtafiti". Nikacheka waziwazi. Nikamweleza kwamba hapo hakuna aliyekosea: ukipima wachache badala ya wote, jibu lako litapishana kidogo na la wote, hata ukifanya kila kitu sawasawa. Nikamsomea tafsiri yangu polepole ili ainakili: "Tofauti iletwayo na bahati ya kupima wachache, iwapo kila mtoto alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa."

"Iwapo?" akauliza.

"Iwapo. Bila hiyo, hesabu zako zote ni mapambo. Kibondo uliwachaguaje?"

Akacheka. "Ilikuwa msimu wa kupanda, mwalimu. Mkuu wa shule aliwapeleka wenye nguvu shamba la shule, akanipa waliobaki. Wagonjwa, na watoro waliokuwa wanatumikia adhabu."

Nilifungua kinywa nimpe dozi yake. Kisha nikakumbuka nani aliwachagua wa Kasulu.

Ni mimi. Mgeni alikuwa ametoka chuo kikuu, nami sikutaka shule iaibike, kwa hiyo nikampangia vinara thelathini, mashati yamefuliwa. Wazembe niliwatuma kuteka maji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana kwa mkono wangu nilikuwa nimewafanya wadogo zangu wajinga.

Nilimwambia. Hakunikaripia, aliirudisha tasnifu ndani ya bahasha. Kisha akarudia kazi yote, majina ya watoto wote yakiwa ndani ya kopo la maziwa, akichomoa bila kutazama, Kibondo na Kasulu. Safari hii Kibondo ilikuwa nyuma kwa kiasi ambacho bahati huleta kila siku. Haikumaanisha wilaya ziko sawa, ila hakuwa tena na ushahidi kwamba zinatofautiana.

Akaniletea sura ya mwisho nimkagulie Kiswahili. Iliandikwa: "Katika jaribio la kwanza, mwalimu wa Kasulu aliwachagua wanafunzi wake bora." Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaweka "baadhi ya walimu".

"Walikuwa wangapi, mwalimu?" akauliza kwa upole.

"Mmoja."

Akanisogezea kalamu. "Basi tuandike sawasawa."