Lenah na Swali la Cherehani

"Soma tena," Kweyu alisema. "Soma kwa sauti, Shiundu asikie vile mtu anavyofukuzwa chuo."

"Nimeshasoma, wakili."

"Soma. Pengine mara hii jibu lako litanuka kidogo, tujue lilikuwa na uhai."

Shiundu, aliyejilaza kitandani viatu vikining'inia nje, alicheka mpaka vyuma vya kitanda vikacheka naye. Lenah akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza upya, sauti ikiwa ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyesalimiana naye.

Hapo ni mtaa wa Tena, Nairobi, chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, huku kitanda, kule stovu ya mafuta. Ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, mwaka wa tisini na sita. Lenah Nangila alikuwa mwaka wa pili katika kitivo cha sheria, na somo la mikataba lilikuwa limemwangusha chali. Jumatatu angerudia mtihani, ule ambao wanafunzi huuita sapu. Akianguka tena, basi, afunge virago arudi Webuye akamweleze baba yake, aliyekwisha kuwatangazia watu wa kanisa lote kwamba ana binti jaji. Jaji! Mzee huyo alikuwa amemwapisha mtoto kabla hajajifunza kusoma saa.

Shiundu pia alikuwa na sapu, lakini baba yake ana maduka ya vyuma, na mtoto wa maduka ya vyuma hata akianguka huangukia godoro.

Kweyu ndiye mwalimu. Alikuwa amemaliza masomo, akifanya kazi chini ya wakili mmoja mjini huku akingoja kuapishwa. Wapangaji wa ploti walisema hulala na tai. Mdomo wake ulikuwa mkali hivi kwamba siku moja alimsalimia mbwa wa mtaa wa Mowlem, na mbwa yule akahamia Dandora, hajaonekana tena. Lakini kufundisha, alijua. Hakuna aliyembishia hapo.

Swali lilikuwa hili. Wanyoike amemwambia Nabiswa: nakuuzia cherehani yangu kwa bei hii, na nitakungoja hadi Ijumaa. Jumatano Wanyoike akamuuzia mtu mwingine. Alhamisi muuza chai akamwambia Nabiswa kwamba ameiona cherehani ikipakiwa kwenye mkokoteni wa mnunuzi. Ijumaa asubuhi Nabiswa akaenda mbio: nimekubali, nipe cherehani yangu. Je, wana mkataba?

Lenah alikuwa amejibu kwa njia waliyofundishwa wote, ile ya herufi nne za Kizungu, IRAC: kwanza suala, halafu sheria, halafu kuivisha sheria yale yaliyotokea, mwisho uamuzi. Kila hatua aliipa kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula.

"Suala," alisoma, "ni kama kuna mkataba kati ya Wanyoike na Nabiswa. Sheria: sheria inasema kwamba mwenye kutoa kauli ya kuuza..."

Sheria ikaenda ukurasa mzima na ziada. Alikuwa amemwaga yote aliyoyajua, hata ya barua za posta, na hakuna aliyemtumia mwenzake barua.

"Kuivisha: tukiivisha sheria hii mambo yaliyotokea, ni wazi kwamba Wanyoike hawajibiki. Uamuzi: kwa hivyo, Wanyoike hawajibiki."

"Haya," Kweyu akapiga makofi taratibu. "Umesikia, Shiundu? Huyo ni makanga. Anataja vituo. Suala, shuka! Sheria, shuka! Lakini ndani ya gari hakuna abiria. Shemeji, muuza chai yuko wapi?"

"Nani?"

"Muuza chai! Maskini wa Mungu, ametembea na birika lake mpaka kwa Nabiswa, amempasulia habari, na kesi nzima inasimama juu ya mdomo wake. Wewe umempita kama hujamwona. 'Ni wazi.' Wazi kwa nani? Mtu akiandika 'ni wazi' ujue ameshindwa kueleza."

Lenah aliikunja ile karatasi. Alichukua karatasi nyingine, akaandika huku wao wakinywa chai aliyoipika yeye. Safari hii aliondoa vichwa vya habari. Kweyu akasoma kimoyomoyo, nyusi zikipanda.

"Umebandua lebo kwenye chupa," akasema, "dawa bado ni maji. Bado sheria imelala huku, mambo ya watu yamelala kule, kama mke na mume waliokosana. Aki ya Mungu, shemeji, Webuye kuna mashamba mazuri. Jembe halitaki IRAC."

"Lina mpini tu," Shiundu akadakia, wakacheka wote wawili.

Lenah hakulia. Alikuwa amemaliza machozi tangu mwezi uliopita, na mtu aliyeyamaliza husikia matusi kama mvua ya nyumba ya jirani. "Basi nionyeshe," alisema. "Umetukana vya kutosha. Nionyeshe."

Kweyu akaweka kikombe chini. Kwa dakika moja akawa mtu.

"Umeona mafundi wakimwaga slabu pale Umoja? Wanapanga mbao kwanza. Bila mbao zege inamwagika yote. Lakini ikishika, mbao zinatolewa. Nani anahamia nyumba yenye mbao za fundi sebuleni? Herufi zile nne ni mbao. Panga kichwani, usituwekee sebuleni. Anza na ugomvi: Nabiswa anataka nini, na Wanyoike atamzuia kwa neno gani. Hapo suala limejitaja lenyewe. Kisha kila sheria unayoitoa, iite kwa sababu kuna jambo limeiita. Aliahidi kungoja hadi Ijumaa? Ahadi hiyo haimfungi, kwa sababu Nabiswa hakutoa chochote ili angojewe. Umeona? Sheria na jambo, sentensi moja, mguu na kiatu. Hilo halibishaniwi, lipe mistari miwili upite. Ukae wapi?"

"Kwa muuza chai."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Lenah akafikiri. "Kwa sababu kuuza tu hakutoshi. Kauli haijaondolewa mpaka habari imfikie yule aliyeambiwa. Na Wanyoike hakumwambia. Aliyemwambia ni mtu mwingine."

"Na mtu mwingine anatosha?"

"Akiwa wa kuaminika. Kama ile kesi ya Dickinson na Dodds."

"Mungu ni mkubwa, jiwe limesema. Sasa bishana pande zote mbili. Halafu acha mambo ya cherehani, yamekukausha. Chukua kitu unachokijua, uniambie kwa mdomo, bila kusema suala wala sheria. Ukitaja jina la mbao hata moja, naondoka, na Jumatatu utajua na Mungu wako."

Lenah akatazama pazia. Stovu ilikuwa imezimwa lakini harufu ya mafuta ilibaki. Kulikuwa na kitu alichokijua. Alikuwa amekilalia wiki nzima kama mtu aliyelalia kisu.

"Kuna mwanamume," alianza, "amemwambia msichana: nataka nikuoe, nenda kwenu ukamuulize baba, nitangoja jibu lako hadi Pasaka."

"Ndoa si cherehani," Shiundu akasema.

"Ni mfano, bana, mwache," Kweyu akasema. "Endelea."

"Msichana akaenda. Hata kabla hajaondoka, mwanamume alikuwa amebadilisha moyo. Msichana akirudi na ndiyo yake, atasema aliahidiwa Pasaka, na Pasaka haijafika. Hilo halitamsaidia, kwa sababu hakutoa kitu ili angojewe, na mwanamume alikuwa huru kugeuka hata kesho yake."

"Vizuri," Kweyu akasema, mguu ukitikisika kwa raha. "Mistari miwili. Sogea."

"Lakini kugeuka moyoni si kugeuka. Lazima msichana ajue. Na mwanamume huyu hakumwambia. Alimsindikiza stendi, akambebea begi, akamwambia nisalimie mzee."

"Basi nani amemwambia? Lete muuza chai wako."

"Yuko mama mmoja, Batulo, ana duka la vitambaa Mowlem. Alimwona mwanamume huyo na mwanamke mwingine wakichagua pazia la chumba chao. Maua ya samawati. Mwanamke alikuwa na tumbo."

Mguu wa Kweyu ukaacha kutikisika.

"Mwanamume atasema," Lenah akaendelea, na sauti yake sasa haikuwa ya kuomba chumvi, "kwamba huyo ni mwenye duka tu, maneno ya dukani. Lakini Batulo hakusimuliwa, aliona kwa macho. Hana ugomvi na yeyote, hana binti wa kuozesha. Alipima pazia lenyewe kwa mikono yake na kuwashonea. Mdomo wa namna hiyo, mtu mwenye akili angeuamini. Kwa hivyo kama maneno yake yamemfikia msichana, kauli ya mwanamume imekwisha kufa, na ndiyo yake haitashika kitu."

Nje mtu alikuwa akimwaga maji ya kufulia.

"Kama," Kweyu akasema polepole.

"Ndiyo. Kama. Hapo ndipo jibu lote linakaa. Batulo hakumwambia msichana. Alimwambia mdogo wake."

Shiundu aliketi, akaanza kutafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa.

Kweyu alilegeza tai. Uso ulikuwa umemkauka, lakini mdomo ule, nakuapia, ungezikwa naye kaburini ungebaki unauma mchwa. "Jibu zuri," akasema. "Jibu la daraja la kwanza. Lakini umeruka jambo moja, shemeji, na mtahini hatakusamehe. Huyo mdogo mtu alijua wiki nzima. Mbona hakumwambia dada yake kabla hajapanda basi?"

Lenah alikuwa amejiuliza hilo kila alipozima taa. Triza, dada yake, ndiye aliyemlipia chumba. Triza ndiye aliyeshona mashati ya watu viwandani Indasitria mpaka vidole vikawa na alama za sindano kama ukurutu, ili mdogo wake asome vitabu vizito.

"Alikuwa na sapu," alijibu. "Na mwalimu alikuwa mmoja tu. Angesema, mwalimu asingekuja tena."

"Basi tunafanana," Kweyu akasema, na akatabasamu kwelikweli, mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi nimemficha kwa ajili ya mwanamke, wewe kwa ajili ya karatasi. Malizia sasa. Uamuzi wako ni upi?"

"Hajaambiwa na yeyote. Kwa hivyo kauli yako bado iko hai mbele yake. Akiingia hapa kabla hatujamwambia, aseme amekubali..."

"Mwambie wewe."

"Mwambie wewe, wakili! Kauli ni yako!"

"Tena nikimwambia mimi nitamwambia yote, na aliyejua pia nitamtaja..."

Mlango ukasukumwa kwa goti. Triza aliingia na vumbi la basi kwenye kitambaa cha kichwa, begi mkono mmoja, na kwapani jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu, wa aina ambayo baba mwenye binti hamtumii mtu bure.

"Kweyu!" alisema, akihema na kucheka. "Afadhali nimekukuta. Hebu simama kwanza, nikupe maneno ya mzee."