Mandazi ya Moto, Injini ya Baridi

Mama mkubwa hakumwita shofere mwizi. Alimwambia tu kwamba kuanzia siku ile ufunguo wa gari utalala ndani, mezani, karibu na chupa ya pilipili. Shofere akauweka pale polepole, akatuaga, akatoka. Sisi wa jikoni tulielewa vizuri kilichosemwa.

Kisa kilikuwa esansi, petroli ya gari. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, anafanya biashara ya mchele, na gari lake dogo la zamani linakwenda Ruhwa mpakani mara tatu kwa wiki. Zamani akijaza tangi Jumatatu, lilimfikisha mpaka mwisho wa wiki. Siku hizi taa nyekundu inawaka safari ya tatu haijaisha. Njia ni ileile, mzigo ni uleule. Nani tena anashika gari kama si shofere?

Yeye ni mzee wa hapa hapa Rwanda, lakini amekulia Bukavu, na mpaka leo akikasirika anarudi kwenye Kiswahili cha kule. Tunamwita Papa. Amemwendesha mama mkubwa tangu mimi niko mtoto. Nilimfuata mpaka kwenye geti.

"Papa, usikasirike."

"Miye? Nikasirike kwa nini? Nimekuwa muntu wa kunyonya esansi na mupira, kama mutoto ananyonya chupa! Acha nilale."

Nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke. Halafu nikarudi ndani.

Mimi nauza mandazi gare, pale Kamembe mabasi yanapoanzia. Naota kuwa siku moja nitafungua duka lenye kioo mbele, keki zimepangwa ndani kama maharusi, na watu wa Bukavu wanavuka mpaka kuja kuzinunua. Kwa sasa nina beseni mbili. Mama mkubwa mwenyewe aliruhusu gari linipeleke alfajiri. "Ni hapo tu," alisema, "hata esansi haitajua." Kutoka nyumbani mpaka gare, kabla wimbo mmoja wa redio haujakolea, umefika. Kwa hiyo yeye alipokuwa akihesabu safari, ya kwangu hakuihesabu. Hata mimi sikuihesabu. Lakini mafuta yalianza kupungua majira yaleyale nilipoanza mandazi, na usiku ule wazo hilo lilinikaa kifuani likakataa kutoka.

Asubuhi nilimwambia mama mkubwa. Akatikisa kichwa. "Ile njia fupi hivyo? Wewe unamupenda Papa, njo maana unamutetea."

"Basi tuulize fundi."

Fundi ana karakana yake chini ya soko. Kwanza na yeye alitafuta mambo makubwa: akakagua mipira ya esansi kama inavuja, akanusa chini ya tangi, akasafisha plagi, akafungua kabureta. Hakuona kitu. Akamgeukia shofere.

"Papa, asubuhi unafanyaje?"

"Nawasha, inaota moto kidogo, tunakwenda."

"Kidogo gani?"

Shofere akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kwa sababu ile ilikuwa akili yangu, na nilijisifu nayo sana. Gari lina kipasha joto cha miguuni. Nilikuwa nimemwomba Papa aliwashe wakati mimi bado nageuza mandazi ya mwisho, ili nikiweka beseni pale chini, yafike gare yakiwa ya moto. Asubuhi za kwetu, ubaridi unapanda kutoka ziwani, na andazi la baridi linarudi nyumbani na mwenyewe.

"Mpaka hewa ya moto itoke," nilisema.

Fundi akapiga mluzi. Akamwita mama mkubwa, akamweleza taratibu. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake inabaki majimaji, haiwaki. Ndiyo maana ile starta ya kabureta, wengine huiita choki, inaziba hewa na kuongeza petroli, ili injini isizimike. Oili nayo ni nzito, kila kitu ndani kinazunguka kwa shida. Ikishapata moto, starta inajiachia, matumizi yanashuka. "Lakini hii yenu inawaka, inakunywa imesimama, inakwenda hapo karibu, inarudi, inazimwa kabla haijapata moto sawasawa. Saa ya kwenda Ruhwa imeshapoa, inaanza tena."

"Maneno," mama mkubwa akasema. "Nataka kuona."

Basi fundi akatuonyesha. Kesho yake alfajiri fundi alikuja na chupa kubwa ya maji ya dukani iliyojaa esansi, akaiunganisha na kabureta kwa mpira mrefu unaopita dirishani, akafunga njia ya tangi. Mimi nikapewa kuishika, juu kidogo, na kukatazwa hata kukohoa. Mama mkubwa alikaa nyuma na kitenge puani. Papa akawasha kama kila siku, akangoja kama kila siku.

Sitasahau ile chupa. Gari halijasogea hata kidogo, na maji yale ya manjano yanashuka machoni pangu. Fundi akachora mstari kwa kalamu. Tukapanda kilima mpaka gare, akachora mwingine. Tulipomimina iliyobaki kwenye tangi na kufungua tena njia yake, Papa alituzungusha njia ndefu ya kwenda mbali na mji, mpaka sindano ya joto ikatulia katikati. Tukarudi nyumbani, tukajaza chupa mpaka pale pale pa kwanza. Mama mkubwa alitaka kupimia njia ya kuteremka, fundi akakataa: kilima kilekile, watu walewale, mwendo uleule. Safari hii hakuna kungoja.

Tulipofika gare, esansi ilikuwa haijafikia hata mstari wa kwanza, ule wa kusimama.

Basi la Kigali lilipiga honi. Injini ikiwa baridi, pamoja na kule kungoja, gari lilikuwa limekunywa zaidi ya mara mbili ya lilivyokunywa sasa, na ilikuwa ni kwa ajili ya joto la mandazi yangu.

"Papa," mama mkubwa akaanza, "unisamehe."

"Haiko shida, Maman."

"Iko. Nilikuwekea ufunguo mezani kama mutoto."

"Karibu na pilipili," Papa akasema. Mama mkubwa akamwekea ufunguo mkononi, akamfunga vidole juu yake. Mimi nililia, wao wawili wakanigombeza kwa machozi hayo. Hakuna aliyenilaumu, hata leo. Ingekuwa afadhali wangenilaumu kidogo, nikajua yamekwisha.

Mama mkubwa alisema naweza kuendelea, mradi Papa asingoje, awashe na kwenda taratibu. Nilikataa. Bado lingekuwa gari baridi kwa safari fupi. Sasa nafunika beseni moja kwa blanketi kuukuu, naipandisha kilima kichwani. Ya pili inanifuata siku za Ruhwa, saa gari linapotoka, kwa sababu saa hiyo litawashwa kwa vyovyote, na gare ni njiani.

Siku ya kwanza nilipofungua geti, Papa alikuwa amesimama nje na koti lake, akaninyang'anya chupa ya chai niliyobeba mkononi.

"Papa, rudi ulale. Goti lako!"

"Tembea pole pole," akasema, "na miye niko ya zamani, asubuhi nakawia kuwaka."

Tukapanda. Alikuwa anachechemea, na kila nilipopunguza mwendo yeye aliongeza, ili nisione. Niliona.